Malori Mangapi ya Karoti Hushuka Lushoto? Maswali ya Ajabu Katika Usaili wa Kazi

Maswali yanayomshtua mtu katika usaili wa kazi yako ya aina nne, na kila aina ina mlango wake. Liko swali la maarifa, ambalo jibu lake limeandikwa mahali fulani. Liko fumbo la akili, ambalo watu huliita chemsha bongo. Liko swali la kukadiria, linalotaka idadi ambayo hata mwulizaji hana. Na liko swali la kumbana mtu, linaloulizwa ili kutazama atakavyokaa kitini. Wasailiwa wengi hukwama kabla hata ya kuanza kufikiri, kwa sababu wameshika ufunguo wa mlango mmoja na kuutia katika mwingine.

Chanzo cha mkanganyiko huo kiko karibu na nyumbani. Anayekulia kwenye Kiswahili hukutana na mafumbo kwanza kupitia vitendawili, na kitendawili kina kanuni zake. Jibu ni moja, mtegaji analo, na mtegewa ama analijua ama halijui. Asiyelijua hutoa mji, mtegaji huenda mjini akastarehe kidogo kwa maneno, kisha hufichua jibu. Hakuna anayemwuliza mtegewa amefikaje kwenye jibu, wala hapati sifa kwa kukaribia. Msailiwa anayetazama dari akingoja jibu limshukie anacheza kitendawili, wakati watu watatu walioketi mbele yake wamekuja kusikiliza hatua.

Swali la maarifa ndilo pekee kati ya hayo manne ambalo kufikiri hakulifungui. Mwaka 1921 Thomas Edison alijulikana kwa kuwapa waombaji kazi mtihani wa maswali karibu 150 ya jiografia, historia na sayansi, na magazeti ya Marekani yakayachapisha. Albert Einstein, aliyekuwa akizuru nchi hiyo mwaka huohuo, aliulizwa mojawapo ya maswali ya namna hiyo, kasi ya sauti ni kiasi gani. Alijibu kwamba habari zinazopatikana vitabuni kwa urahisi hazibebi kichwani. Si kila mwombaji ana cheo cha kujibu hivyo, lakini mpango wa jibu lenyewe ni mzuri: kukiri, kisha kuonyesha jambo liliko. Msailiwa anayeombwa kutaja kifungu fulani cha Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, naye hakikumbuki, anaweza kusema kwamba namba ya kifungu hana, kwamba sheria anayoifikiria ni hiyo, na kwamba suala lenyewe linahusu nidhamu na siyo ajira, kisha akanyamaza. Sentensi tatu zinatosha. Akianza kukisia namba, wasaili wanaoijua watamkamata papo hapo, na baada ya hapo hata majibu yake ya kweli yatatiliwa shaka.

Chemsha bongo ni mlango mwingine kabisa, kwa kuwa hapo jibu halipo kitabuni wala kwenye kumbukumbu. Lile la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayevuka mto kwa mtumbwi wa kubeba kimoja tu, wengi wamelisikia utotoni. Linafundisha jambo moja hasa. Anayekwama huwa amejiwekea sharti ambalo hakuna aliyelitaja, kwamba kilichokwishavushwa hakirudi. Mara anapoliona sharti hilo na kulitupa, mbuzi anarudishwa ng'ambo ya kwanza na safari inakamilika. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwa sauti mbele ya fumbo ni hili: katika masharti ninayoyafuata, yapi nimepewa na yapi nimeyaongeza mwenyewe?

Pale ambapo hakuna sharti la kutupa, njia inayofaa ni kulipunguza fumbo. Tuseme mezani kuna paketi nane za chai ya Usambara zinazofanana, moja imepunjwa na ni nyepesi kuliko zenzake. Ipo mizani ya sahani mbili, haina mawe ya kupimia, na inaruhusiwa kutumika mara mbili tu. Karibu kila mtu huanza kwa kuweka nne huku na nne kule, kisha mbili kwa mbili, kisha moja kwa moja, na kujikuta amepima mara tatu. Hapo ndipo wasaili hukaza masikio. Asiyejua jibu anaweza kusema: "Nane zimenishinda kwa njia hii. Naomba nianze na tatu." Kwa paketi tatu, mara moja inatosha. Moja huku, moja kule, moja kando. Sahani ikiinuka, iliyoinuka ndiyo nyepesi, na zikilingana, nyepesi ni ile ya kando. Kutokana na mfano huo mdogo linaonekana jambo lililojificha, kwamba mizani haitoi majibu mawili bali matatu: kushoto, kulia, au sawa. Kupima mara mbili kunatoa majibu tisa, na paketi ni nane tu, kwa hiyo kazi inawezekana. Kinachobaki ni kugawa mafungu matatu badala ya mawili. Tatu huku, tatu kule, mbili kando. Fungu lenye kasoro likijulikana, mara ya pili inamaliza. Hata msailiwa ambaye muda ungemwishia kabla ya mgawo wa mwisho angekuwa ameshasema kitu cha maana zaidi kuliko jibu, yaani kwa nini mara mbili zinatosha.

Swali la kukadiria ndilo lenye mengi. Kwa wataalamu huitwa swali la Fermi, kwa jina la mwanafizikia Enrico Fermi, aliyependa kuwapa wanafunzi wake wa Chicago maswali ya namna hiyo. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la atomiki lilipolipuliwa kwa majaribio katika jangwa la New Mexico, Fermi alisimama umbali wa kilomita 16 hivi na kuachia vipande vya karatasi wakati wimbi la mshindo lilipompitia. Alipima kwa hatua vimepeperushwa kiasi gani, yapata mita mbili na nusu, akakadiria nguvu ya mlipuko kuwa sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vimeiweka kati ya tani 20,000 na 25,000. Alikosea kwa zaidi ya maradufu, na bado makadirio hayo husimuliwa hadi leo kama mfano wa kazi nzuri, kwa sababu alikuwa na karatasi tu mkononi. Katika maswali haya, kukosea mara mbili au tatu ni kupata. Kukosea mara mia ndiko kukosa.

Katika milima ya Usambara swali la namna hii linapita barabarani kila jioni. Barabara kutoka Lushoto hushuka kupitia Soni hadi Mombo, kilomita zipatazo 33 za kona na makorongo, na huko chini inakutana na barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Malori aina ya Fuso hushuka nayo yakiwa na kabichi, karoti, viazi, hoho na nyanya kutoka vijiji vya baridi vya juu, Malindi na Lukozi vikiwamo. Basi jopo linauliza: kwa siku moja, malori mangapi ya karoti hutoka Lushoto kwenda Dar es Salaam?

Kabla ya hesabu huja kuweka mipaka, na hapo mtu aliyetulia hujulikana mapema. Kama swali lingetaja Malindi peke yake, la kwanza lingekuwa kuuliza Malindi ipi, kwa kuwa ipo ya pwani ya Kenya, upo mtaa wa Malindi mjini Unguja, na iko hii ya Lushoto ambayo haijawahi kuona bahari. Kwa swali la karoti, mambo mawili yanatosha kuulizwa: ni siku ya kawaida au ya msimu wa mavuno, na je, lori linalochanganya karoti na kabichi linahesabiwa? Tuseme jopo linajibu kwamba ni siku ya wastani wa mwaka, na karoti zihesabiwe kana kwamba zimepakiwa peke yake. Msailiwa anayeuliza maswali kumi ya namna hiyo anakwepa kazi, na wasaili hulijua hilo.

Njia rahisi ni kuanzia kwenye sufuria. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wameongezeka tangu hapo, lakini ongezeko hilo haliwezi kuligeuza jibu, kwa hiyo milioni 5.4 inatosha. Kaya moja ikichukuliwa kuwa ya watu wanne, zinapatikana kaya milioni 1.35. Kaya ya kawaida hutumia karoti kiasi gani? Hapa hakuna takwimu ya kukumbuka, kuna jiko la kukumbuka. Mbili katika mchuzi wa Jumanne, moja katika kachumbari, mbili au tatu za pilau au wali wa mboga mwisho wa wiki. Hizo ni karoti tano au sita, nazo ni karibu nusu kilo. Zipo nyumba zisizonunua kabisa na zipo zinazosaga juisi kila siku, lakini nusu kilo kwa wiki si kichekesho.

Kaya milioni 1.35 kwa nusu kilo ni kilo 675,000, yaani tani 675 kwa wiki. Ukigawa kwa saba, zinakuja tani 96 kwa siku, ambazo mtu mwenye akili ataziita 100. Mama ntilie, hoteli na shule hula pia, tuseme robo ya zaidi. Jiji linakula karoti tani 125 kwa siku.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote, na msailiwa mzuri huisema hivyo waziwazi. Kati ya tani hizo 125, ngapi zinatoka Lushoto? Karoti huja pia kutoka Mgeta katika milima ya Uluguru, kutoka Kilimanjaro na Arusha, na kutoka nyanda za juu kusini. Sehemu ya Lushoto haielekei kuwa chini ya asilimia 10, kwani ni mojawapo ya milima ya mboga iliyo karibu na jiji. Haielekei pia kuzidi asilimia 60, maana wengine wapo sokoni. Katikati ya 10 na 60 ni wapi? Wengi watajumlisha na kugawa kwa mbili, wapate 35. Lakini 35 ni mara tatu na nusu ya 10, na haifiki hata mara mbili ndani ya 60, kwa hiyo imeegemea juu. Anayetaka kukosea kwa uwiano uleule pande zote mbili huzidisha 10 kwa 60, akapata 600, kisha hutafuta kipeuo cha pili chake, ambacho ni karibu 25. Hiyo ndiyo hila pekee ya kihesabu inayofaa kujifunzwa kabla ya usaili wa aina hii. Robo ya tani 125 ni 31, yaani 30 kwa hesabu ya mdomo.

Fuso hubeba kiasi gani? Lori la kati la namna hiyo linaweza kuchukuliwa kuwa la tani 8. Thelathini kwa nane ni malori manne, na msailiwa anaweza kumalizia hivi: "Nasema manne. Yakiwa mawili sitashangaa, yakiwa kumi nitajua niliteleza wapi."

Hapa wengi hunyamaza, na wanapoteza alama za bure. Makadirio yaliyopita njia moja tu ni kama shahidi mmoja. Njia ya pili huanzia shambani. Tani 30 kwa siku ni karibu tani 11,000 kwa mwaka. Ekari moja ya mkulima mdogo ikitoa tani 5 za karoti kwa mavuno mamoja, yanahitajika mavuno ya ekari 2,200. Karoti hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo shamba la bonde lenye maji linaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na ekari zinazohitajika zinashuka hadi 1,100. Mkulima wa mlimani akitenga nusu ekari kwa karoti, hao ni wakulima 2,200. Kwa wilaya ya watu laki kadhaa wanaoishi kwa kilimo, idadi hiyo inakubalika bila shida. Inaweza hata kuwa ndogo, na hilo ni dokezo kwamba jibu la kweli huenda liko juu ya manne kuliko chini yake. Shahidi wa pili hakukanusha, ila alinong'ona kitu.

Ukaguzi huo una upofu wake, na kosa moja la kawaida linauonyesha. Tuseme msailiwa, kwa haraka, alisahau kugawa kwa saba. Angepata malori 26. Akikagua kwa upande wa shamba, angepata wakulima 15,000 hivi, nayo ni idadi inayoweza kupita bila kumshtua mtu. Lakini akirudi kwenye sufuria, malori 26 yanamaanisha kila kaya inakula nusu kilo ya karoti kila siku, na hapo hata mtoto angepinga. Kwa hiyo jibu hukaguliwa kwa kulirudisha kwenye kitu ambacho mkono wa mtu umekishika, siyo kwa namba nyingine kubwa.

Kosa la pili la kawaida liko kwenye kipimo chenyewe. Anayehesabu kwa magunia badala ya tani atasema Fuso limebeba gunia 80 za kilo 100, basi ni tani 8. Lakini mboga na viazi vya mlimani vimezoea kufungwa lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake na kushonwa kwa kamba, ambalo Wakala wa Vipimo imepambana nalo kwa miaka mingi. Gunia la jina la kilo 100 linaweza kuwa na 120 au zaidi, na tani 8 za mdomoni zikawa karibu 10 barabarani. Mtoto wa mkulima kutoka Malindi hulijua hilo kuliko mwenyekiti wa jopo. Akilitaja, amefanya zaidi ya kukadiria: ameonyesha kwamba anajua kipimo alichopewa kina uongo ndani yake, na uongo huo unaelemea upande gani.

Jambo la tatu halionekani kwa urahisi. Makosa madogo ya kila hatua huwa yanafutana, moja likizidisha na jingine likipunguza, na ndiyo sababu makadirio ya hatua tano mara nyingi hutua karibu na ukweli. Lakini hufutana pale tu ambapo hayajaelekea upande mmoja. Mtu mwenye hofu huvuta kila namba juu ili aonekane anajua biashara kubwa. Akiongeza nusu katika kila hatua kati ya tano, jibu lake linakuwa mara saba na nusu ya lililopasa kuwa. Dawa ni kujisikiliza: namba tatu mfululizo zikiwa zimeviringishwa kwenda juu, ya nne iviringishwe kwenda chini.

Jopo zuri haliachi hapo. Linauliza la kufuatia: na Malindi peke yake? Msailiwa aliyekariri jibu hana pa kwenda, ila aliyejenga hatua anashuka ngazi moja tu. Karoti za Lushoto hazilimwi kila mahali, hulimwa kwenye kata za juu zenye baridi. Tukizichukulia kuwa kumi na mbili, Malindi inapata tani mbili na nusu kwa siku. Hiyo haifikii hata theluthi moja ya lori. Kwa hesabu hiyo, lori lililojaa karoti tupu lingeondoka Malindi mara moja tu kwa siku tatu, na karoti iliyong'olewa haingoji siku tatu ikabaki vilevile. Ndiyo maana lori hujazwa kwa kuokoteza, karoti za kijiji hiki, kabichi za kijiji kile, hoho za bonde la chini, na ndiyo maana dalali anayejua nani anavuna kesho ana nguvu kuliko mwenye shamba. Jibu lililoanza kama mchezo limeeleza soko. Huo ndio ustadi wa juu kabisa katika swali la aina hii, na hauhitaji namba sahihi.

Swali la kumbana ndilo lililobaki. Asili yake iliyoandikwa vizuri ni ya vita. Shirika la ujasusi la Marekani lililoitwa OSS lilichuja watu wake kuanzia mwishoni mwa 1943 katika shamba moja la Virginia lililopewa jina la Kituo S. Mtahiniwa alipewa dakika 12 kubuni maelezo ya kwa nini alikutwa usiku akipekua mafaili ya siri ya serikali, kisha alikalishwa chini ya taa kali na kuhojiwa kwa ukali. Mwisho aliambiwa ameshindwa, hata kama hakushindwa, ili waone atakavyoipokea habari hiyo. Kwa jasusi, jambo hilo lilikuwa na maana kwa kuwa lilifanana na kazi yenyewe. Kwa mhasibu au afisa ugavi, halifanani na kazi yake hata kidogo. Lakini vipande vyake vimebaki katika usaili wa leo. Msailiwa anaambiwa jibu lake ni dhaifu bila kuelezwa kwa nini, au anatazamwa kimya kwa nusu dakika, au anaulizwa kwa nini aajiriwe yeye na siyo yule aliyeketi nje.

Katika mfano wa karoti, mbano ungekuja hivi. Baada ya jibu la malori manne, mwenyekiti anasema kwa sauti ya baridi: "Hapana. Umekosea." Kuna njia mbili za kuanguka. Ya kwanza ni kubadilisha namba papo hapo, kutoka manne kwenda kumi na tano, bila sababu yoyote mpya. Ya pili ni kushupaa. Njia ya kati ni kuirudisha shaka kwenye hatua: "Mwenyekiti, hatua ninayoiamini kidogo kuliko zote ni ile robo ya Lushoto. Kama ndiyo yenye kasoro, naomba nisikie, nitaihesabu upya." Jopo likitoa sababu, msailiwa hubadilika. Lisipotoa, hubaki pale alipo kwa adabu. Na likisema idadi ya kweli ni kumi, msailiwa ana kazi ya mwisho iliyo rahisi. Kumi ni mara mbili na nusu ya manne. Katika hatua zake zote, ni moja tu iliyokuwa na nafasi ya kunyooka kiasi hicho peke yake: ile robo, ambayo ikiwa asilimia 60 inaleta malori tisa au kumi. Nusu kilo ya kaya ingelazimika kuwa kilo moja na robo, na hilo haliaminiki. Kusema hivyo kwa nusu dakika ni jibu bora kuliko jibu la kumi lililobahatishwa.

Ukimya wa jopo hauhitaji kujazwa maneno. Mtu aliyemaliza hatua zake anaweza kusema amemaliza. Maswali ya "mnyama gani ungependa kuwa" au "uza kalamu hii" hayastahili zaidi ya dakika moja: mnyama yeyote mwenye sababu moja inayogusa kazi inayoombwa anafaa, na kalamu huuzwa kwa kumwuliza mnunuzi kwanza anaandika nini. Swali kuhusu ujauzito, ndoa au mpango wa kuzaa ni la aina nyingine kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Msailiwa hana wajibu wa kulijibu, na anaweza kulirudisha kazini kwa kusema ratiba ya kazi ameisoma na anaimudu.

Kuhusu kama maswali haya yanachagua watu wazuri, ushahidi hauyapendelei. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, kampuni iliyosifika kwa mafumbo yake, alisema hadharani mwaka 2013 kwamba chemsha bongo zilikuwa kupoteza muda na hazikutabiri lolote, ila kumfurahisha mwulizaji. Watafiti wakiongozwa na Scott Highhouse walikuta baadaye kwamba watu walio tayari kuyatumia mafumbo hayo katika usaili walielekea kuwa na tabia za kujikweza na za kufurahia kuwatesa wengine. Kinachotabiri vizuri zaidi, kwa mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na Paul Sackett na wenzake mwaka 2022, ni usaili uliopangwa, ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale yanayohusu kazi na majibu hupewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kabla. Lakini kishawishi kinaeleweka pale waombaji wanapozidi nafasi kupita kiasi. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ililazimika kufanyia usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa sababu watu zaidi ya 10,000 walijitokeza kugombea nafasi 70. Mbele ya umati huo, chochote kinachopunguza watu huonekana kama kipimo.

Swali la kukadiria linaweza kuokolewa kwa sharti moja, ambalo ni juu ya jopo. Alama zigawiwe kwa hatua: kuweka mipaka, kuvunja swali vipande, kutaja kipande dhaifu, kukagua kwa njia ya pili, kurekebisha palipo na sababu. Namba ya mwisho isipewe alama yoyote. Na kitu kinachokadiriwa kiwe kile ambacho kila mwombaji amekiona kwa macho. Ukimwuliza mtu wa Malindi lifti za jijini zinabeba watu wangapi kwa saa, umempima alikozaliwa. Karoti zina kasoro hiyohiyo upande wa pili, kwa kuwa kijana wa Masaki hajui ekari inatoa nini, na jopo linalozitumia lingepaswa kumpa namba hiyo ya shamba, tani 5 kwa ekari, mara tu anapoiomba.